Sura ya 5: Kama Laki Sita Hivi

Mtu akikuletea karatasi yake na kusema "nipangie vizuri", anataka vitu vichache. Anataka mpokeaji asimcheke kwa tahajia, salamu zikae mahali pake, maneno yasirudierudie na ombi lionekane. Hajakupa ruhusa ya kumwongezea ahadi wala ya kumhesabia deni. Hata hivyo, barua nyingi zinazotoka kwenye vibanda vya stesheneri, kwenye meza za makarani na kwenye simu za vijana waliosoma wanaowaandikia wazazi wao, zina ahadi ambazo mwenye barua hakuzitoa na hesabu ambazo hakuzipiga. Anatia sahihi kwa sababu barua imependeza. Miezi mitatu baadaye anaitwa ofisini na kuonyeshwa aya anayoiona kwa mara ya kwanza, ikiwa na sahihi yake chini.

Sura hii inafuata barua moja tu tangu rasimu hadi nakala ya mwisho. Nimeitunga kwa kuchanganya mambo yanayojirudia katika barua za aina hii, ili isiwe ya mtu yeyote ninayemfahamu. Ni ya mama anayeuza chakula, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, na rasimu yake aliiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari:

"Kwa mwenyekiti. Mimi ni mwanachama wenu naandika kuhusu ule mkopo. Nilichukua milioni moja na nusu mwezi wa pili nimerudisha kama laki sita hivi mpaka mwezi wa sita risiti ninazo lakini moja sijui iko wapi. Mume wangu alilazwa biashara ikasimama. Sasa nimeanza tena kidogo kidogo. Naomba mnipunguzie niwe nalipa elfu hamsini badala ya laki na arobaini mpaka nikae sawa. Nikipata hela ya mchezo mwezi wa kumi na mbili nitajitahidi nilipe na zile faini. Mambo ya faini sikuambiwa mwanzoni. Naomba mnifikirie."

Ni rasimu nzuri kuliko inavyoonekana. Ina mkopo, malipo, sababu, ombi lenye kiasi, na msimamo kuhusu faini. Kinachokosekana ni mpangilio na alama za uandishi. Sasa tazama inavyotoka mikononi mwa mwandishi mwenye haraka na Kiswahili kizuri cha ofisini:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnamo mwezi Februari nilipokea mkopo wa Sh. 1,500,000/= ambapo hadi kufikia mwezi Juni nilikuwa nimerejesha Sh. 600,000/=, hivyo kubakiwa na deni la Sh. 900,000/=. Kutokana na maradhi ya mume wangu nililazimika kufunga biashara, ila kwa sasa biashara imerejea katika hali yake ya kawaida. Hivyo naomba kulipa Sh. 50,000/= kila mwezi. Aidha, naahidi kulipa faini zote ifikapo mwezi Desemba. Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza na naahidi hautajirudia."

Mama akisomewa hii atafurahi, kwa kuwa inasikika kama barua ya mtu mkubwa. Lakini karibu kila sentensi imemponza, na inafaa tuone kila moja ilivyomponza, kwa sababu makosa hayafanani.

Tuanze na zile laki sita. Rasimu ilisema "kama laki sita hivi". Maneno "kama" na "hivi" si uchafu wa kusafishwa. Ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba mama anakadiria. Ukiyafuta na kuandika Sh. 600,000/= kwa tarakimu, pamoja na alama ya kufunga ili mtu asiongeze senti, umegeuza kumbukumbu kuwa hesabu. Tarakimu zina mamlaka ambayo maneno hayana. Mhasibu wa chama akifungua daftari na kukuta kiasi kingine, hatasema mama alikadiria. Atasema mama anadanganya, na ataisoma barua yote iliyobaki kwa jicho hilo.

Njia ya kutoka hapo ni kumuuliza, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwambia "umelipa laki sita, siyo?", atakubali, kwa sababu watu wengi hukubali wanachoambiwa na aliyeketi mbele ya kompyuta. Muulize swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo.

"Mama, ulianza kulipa mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Na kila mwezi ulikuwa unapeleka shilingi ngapi?"

"Laki na arobaini, mwanangu. Ndiyo waliyonipangia. Sijapunguza hata siku moja mpaka baba alipougua."

"Risiti umekuja nazo?"

Anafungua kitambaa na kutoa risiti za Machi, Aprili na Mei, kila moja ya Sh. 140,000/=. Ya Juni ndiyo iliyopotea. "Waangalie kwenye daftari lao," anasema, "nililipa pale pale dirishani."

Sasa hesabu imekaa wazi. Malipo manne ya 140,000 ni 560,000, na hapo ndipo ilipotoka ile "kama laki sita hivi". Alizonazo kwa risiti ni 420,000. Mwandishi aliyeandika 600,000 alizidisha 40,000 juu ya kile ambacho mama mwenyewe anadai kulipa, na 180,000 juu ya kile anachoweza kukithibitisha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo limezaliwa na la kwanza. Lile deni la Sh. 900,000/= halimo kabisa katika rasimu. Mwandishi alitoa laki sita kwenye milioni moja na nusu, akaona barua inakamilika ikiwa na jumla. Hakujua kama mkopo una riba. Marejesho ya 140,000 kwa miezi 12 ni 1,680,000, maana yake ni kwamba ikiwa mkopo huu ni wa mwaka mmoja, mama anarudisha 180,000 zaidi ya alizochukua. Kwa hesabu hiyo, baada ya malipo manne anabakiwa na 1,120,000. Chama kikikubali malipo matatu tu, anabakiwa na 1,260,000. Na hapo hatujagusa faini. Kwa hiyo ziko jumla tatu zinazogombana, na ile iliyoandikwa kwenye barua ndiyo pekee ambayo haina mtu wa kuitetea.

Huenda ukauliza kwa nini mwandishi asipige hesabu sahihi na kuandika 1,120,000. Jibu ni kwamba bado itakuwa hesabu yake, wala si ya mama. Muda wa mkopo ameukisia, na kiwango cha riba hakukiona kwenye mkataba. Na kiasi cha deni kinapoandikwa na mdaiwa kwa sahihi yake hakibaki kuwa taarifa tu. Kinakuwa kukiri. Tanzania na Kenya, sheria za ukomo wa madai zinatoa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, hesabu ya miaka hiyo inaanza upya tangu siku aliyokiri. Mwandishi anayeongeza jumla ili aya ikae sawa amegusa jambo ambalo wakili angeliuliza mara mbili. Mama aliomba kupunguziwa marejesho. Hakuomba kukubaliana na chama juu ya kiasi cha deni, na barua yake haina haja ya kukitaja.

Sentensi ya tatu imeharibu kwa njia nyingine, kwa kuchagua maneno makubwa. Biashara "ilisimama" imekuwa "nililazimika kufunga", na "nimeanza tena kidogo kidogo" imekuwa "imerejea katika hali yake ya kawaida". Kosa hili ni la masikio. Mwandishi alihisi "kidogo kidogo" ni lugha ya sokoni, akatafuta maneno yenye sauti ya ofisi, nayo yakaja na maana yake yenyewe. Fikiria kamati ya mikopo inayosoma. Biashara imerudi katika hali ya kawaida, sasa kwa nini tumpunguzie? Sababu yote ya ombi ilikaa ndani ya yale maneno mawili. Mtu anayerekebisha lugha ya mwenzake lazima ajiulize, kwa kila neno analotaka kulibadili, kama linabeba kipimo. Kidogo kidogo, karibu, zaidi ya, mara nyingine, wengi wao, nadhani, nimeambiwa: haya yote ni vipimo. Yanaweza kuhamishwa ndani ya sentensi, lakini yasipunguzwe wala yasivimbishwe.

Hata kubadilisha jina la kitu kwa jina linaloonekana ni sanifu zaidi kuna mtego. Mama alisema "hela ya mchezo", yaani zamu yake katika kikundi cha kupeana fedha. Mtu anaweza kushawishika kuandika "fedha za upatu", akidhani amepandisha daraja. Lakini Tanzania neno hilo ndilo linalotumika pia kwa mipango haramu ya kuvuna fedha za watu, na mtu makini kwenye kamati anaweza kushtuka. "Fedha za mchezo wa kupeana" inatosha, inaeleweka, na haimbebeshi mama jambo geni.

Halafu kuna kilichopotea kwa kukatwa. Rasimu iliomba 50,000 "badala ya laki na arobaini mpaka nikae sawa". Barua imebakiza 50,000 kila mwezi, basi. Ombi la muda limekuwa ombi la kudumu, na kamati haioni tena kwamba mama anaujua wajibu wake wa 140,000 na anakusudia kuurudia. Anaonekana mtu anayetaka kujipangia masharti mapya. Ukikata maneno ili barua iwe fupi, soma ulichokikata kwa sauti, peke yake, uone kama ni sharti. Sharti halikatwi.

Tumefika kwenye ahadi, ambako mambo huharibika kuliko kwingine kote. Mama aliandika: "Nikipata hela ya mchezo mwezi wa kumi na mbili nitajitahidi nilipe na zile faini." Hapo kuna kinga mbili. Ya kwanza ni *nikipata*, inayofunga jambo lote kwenye sharti. Ya pili ni *nitajitahidi*, inayoahidi juhudi peke yake, bila kuahidi matokeo. Mwandishi aliziondoa zote mbili kwa neno moja, *naahidi*, akaongeza *zote* baada ya faini, kisha akaweka tarehe ya mwisho kwa *ifikapo*. Kila badiliko peke yake linaonekana dogo. Yote kwa pamoja yanamfanya mtu aliyesema "nitajaribu nikiweza" aonekane ameweka ahadi ya tarehe, ya kiasi kizima, isiyo na sharti. Desemba ikipita bila mchezo kumfikia, atakuwa amevunja neno ambalo hakulitoa.

Waandishi hufanya hivi kwa nia njema. Wanaona barua isiyo na ahadi ni dhaifu, na wanataka mteja wao akubaliwe. Ila anayepaswa kupima kama ombi linahitaji ahadi ni yule atakayeitimiza. Ngazi za kujifunga katika Kiswahili ziko wazi kwa kila mzungumzaji: *natamani*, *natarajia*, *nitajitahidi*, *nitalipa*, *naahidi kulipa*. Kazi ya mrekebishaji ni kumwacha mtu kwenye ngazi aliyosimama. Akimpandisha hata moja, amemwingiza kwenye mkataba. Akimshusha, tuseme kwa kuandika "ningependa" mahali aliposema "nitalipa", amemnyima uzito wa neno lake, na hilo nalo ni kosa. Mtu aliyekwisha kuamua kulipa tarehe 30 ana haki ya kusikika hivyo.

Ile sentensi ya mwisho, ya kuomba radhi kwa usumbufu na kuahidi kwamba hautajirudia, imetoka kwenye barua nyingine kabisa. Imekaa kichwani mwa mwandishi kwa sababu ameichapa mara nyingi, na vidole vimeiandika vyenyewe. Mama hakuomba radhi. Hakuwa na sababu ya kuomba radhi kwa mume kuugua, wala hawezi kuahidi kwamba hataugua tena.

Na wakati adabu hiyo ya bure inaongezwa, kilichoondolewa ni malalamiko yake: "Mambo ya faini sikuambiwa mwanzoni." Mwandishi aliona yanakera. Kweli yanaweza kukera, na hapa ndipo kazi halisi ya kulainisha ilipo. Ukali wa sauti unaruhusiwa kupungua, hoja lazima ibaki. "Wakati nachukua mkopo sikuambiwa kuhusu faini" ni sentensi ya heshima, na hoja imo nzima. Usiende mbele zaidi na kuandika "faini hazimo kwenye mkataba". Mama hakusema hivyo, na inawezekana zimo, ila hakusomewa. Kutoambiwa ni jambo analolijua yeye. Kutokuwemo ni jambo la kuangaliwa kwenye karatasi.

Hii ndiyo barua baada ya maswali yote:

"YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA MAREJESHO YA MKOPO KWA MUDA

Mimi ni mwanachama wa chama hiki. Mwezi Februari mwaka huu nilichukua mkopo wa Sh. 1,500,000/=. Marejesho niliyopangiwa ni Sh. 140,000/= kwa mwezi.

Nimelipa marejesho ya miezi minne, kuanzia Machi hadi Juni. Ninazo risiti za Machi, Aprili na Mei. Risiti ya Juni siioni, hivyo naomba malipo hayo yaangaliwe kwenye daftari la chama.

Mume wangu alilazwa, na biashara yangu ikasimama. Sasa nimeanza tena, kidogo kidogo. Kwa hiyo naomba nilipe Sh. 50,000/= kwa mwezi badala ya Sh. 140,000/=, mpaka nitakapokaa sawa.

Kuhusu faini, wakati nachukua mkopo sikuambiwa habari zake. Hata hivyo, nikipata fedha za mchezo wa kupeana mwezi Desemba, nitajitahidi kuzilipa.

Naomba mnifikirie."

Linganisha na rasimu, utaona mengi yamebadilika. Mpangilio ni mpya, kichwa kimeongezwa, "hela" imekuwa "fedha", malalamiko yametangulia ahadi badala ya kuifuata. Malipo yameelezwa kwa miezi badala ya makadirio, na hilo limetokana na majibu yake mwenyewe pamoja na risiti zilizokuwa mezani. Lakini hakuna kiasi kwenye barua hii ambacho hakikutoka kinywani mwake. Neno "mwaka huu" nalo aliulizwa kabla halijaandikwa. Ile "hata hivyo" ndiyo niliyoifikiria zaidi, kwa sababu inaunganisha mambo mawili ambayo yeye aliyaweka bega kwa bega bila kiungo. Ingekuwa "hivyo sitazilipa", ingekuwa uzushi. Viungo vya sentensi ni vidogo, lakini *kwa sababu*, *hivyo* na *ingawa* kila kimoja kinadai kwamba jambo moja limesababisha au limepinga jingine, na anayekiweka anapaswa kuuliza.

Kuna mahali pawili ambapo Kiswahili chenyewe kinamtega mrekebishaji hata akiwa mwangalifu, na pote pawili panahusu hesabu. Kwanza ni tarakimu zinazotamkwa. "Elfu ishirini na tano" kwa watu wengi ni 25,000, lakini kwa sarufi inaweza pia kuwa 20,005, na kwenye orodha ya bei au marejesho tofauti hiyo hutokea. "Ishirini na tano elfu" haina utata. Unapogeuza maneno kuwa tarakimu, zirudie kwa mwenyewe kwa namna tofauti na aliyotamka: akisema "laki mbili na nusu", muulize "yaani laki mbili na elfu hamsini?" Akiwa alimaanisha kingine, atashtuka hapo hapo.

Pili ni wakati. "Mwezi wa pili" ni Februari, lakini kwenye mazungumzo ya mkopo unaweza kuwa mwezi wa pili tangu mkopo uanze. Saa tatu ya asubuhi ikiandikwa 3:00 kwenye barua ya kwenda ofisi inayofuata saa za kizungu, mtu atafika mlango umefungwa. Kinachosumbua zaidi ni usiku. Kwa hesabu ya pwani, ambako siku huanza jua linapotua, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Mtu wa bara aliyezoea siku kuanza saa sita ya usiku ataelewa ni ule unaofuata Ijumaa mchana. Katika maelezo ya polisi au ya bima, tofauti hiyo ni ya saa 24. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" hauna shaka, na ukiongeza tarehe mbili, ya siku inayoisha na ya siku inayoanza, hakuna atakayekosea. Ila usiiandike kabla ya kumuuliza, maana ukikisia vibaya umehamisha tukio zima.

Kukagua hakuchukui muda. Kabla ya kuanza, piga mstari kwenye rasimu chini ya kila kiasi, kila tarehe, kila jina, kila neno la sharti na kila kitenzi cha ahadi. Ukimaliza kuandika, chukua barua mpya na ufanye hivyo hivyo, kisha weka karatasi mbili pamoja. Chochote chenye mstari kwenye rasimu ambacho hakimo kwenye barua kimepotea, na chochote chenye mstari kwenye barua ambacho hakimo kwenye rasimu kimeongezwa. Vya aina ya pili ndivyo vigumu kuviona kwa macho tu, kwa kuwa vinasomeka vizuri. Halafu msomee mwenyewe barua yote kwa sauti, polepole, ukisimama kwenye kila kiasi na kila ahadi. Anayejua kusoma pia asomewe. Akisoma mwenyewe ataangalia sura ya barua, akisikia ataangalia maneno.

Mara nyingine utakuta kosa ambalo si lako. Risiti tatu zinajumlishwa 420,000 na yeye ameandika 450,000. Usilisahihishe kimya kimya, na usiliache lipite kimya. Mwonyeshe. Kama hayupo na barua lazima iende, kiasi chake kinabaki kama alivyokiandika, na unamwandikia swali lako kwenye karatasi ya pembeni, nje ya barua, ili alione kabla ya kutia sahihi.

Inatokea pia mwenye barua akasema: "Mwanangu, we andika tu naahidi, ndiyo wanavyotaka." Barua ni yake na ana haki hiyo. Muulize basi anaahidi shilingi ngapi na tarehe ngapi, umwache ataje mwenyewe, na uandike kiasi hicho na tarehe hiyo bila kuzungushia chochote. Mara nyingi mtu akishatakiwa kutaja tarehe hunyamaza kidogo, kisha husema: "Basi iache hiyo ya nitajitahidi." Akitaja, iandike. Chapa nakala mbili, aondoke na moja pamoja na rasimu yake ya kalamu, ili siku akiulizwa aliahidi nini awe na karatasi zote mbili za kuonyesha.